Hatua tisa kutoka dirisha la bafu

Jumatano: Dar es Salaam hadi Moshi

Mama aliamka saa 9 usiku. Nilipotoka chumbani nilimkuta sebuleni ameshavaa, khanga juu ya gauni, mkoba magotini, amekaa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Basi letu lilikuwa la saa 12 asubuhi. Nikamwambia alale kidogo. Akasema atalala njiani, na wote wawili tulijua hatalala.

Funguo za nyumba alizifunga kwenye leso, leso akaitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ukaingia mkobani chini ya kitambulisho na dawa za presha. Nilitaka nizihesabu. Akanitazama. "Ziko tisa. Nimezibeba miaka yote hiyo, zitapotelea Mbezi?"

Kuanzia Kituo cha Magufuli hadi Chalinze alikuwa kimya. Tulipovuka Wami akaanza kusimulia, na hakunyamaza tena mpaka Korogwe. Alisimulia jinsi Baba alivyoanza msingi mwaka 1981, wakati saruji ilikuwa ya kutafutwa kwa kujuana na mfuko mmoja mtu alikuwa anaulinda usiku. Baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa pale Moshi, na nyumba ile aliijenga chumba kwa chumba, kila msimu wa kahawa ukuta mmoja. Ndiyo maana vyumba vya nyuma viko chini kwa kimo cha tofali moja kuliko vya mbele. Sisi watoto tulidhani ni mtindo.

Baba alifariki mwaka 2019. Kikao cha ukoo kilimpendekeza Mama awe msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ikamthibitisha, akaendelea kukaa pale Soweto, mtaa wa Moshi mjini, peke yake na msichana wa kazi. Goti lilipomshinda Novemba iliyopita nikamchukua, nikaja naye Dar. Nyumba ikabaki na popo. Kihamba cha Kibosho, shamba la ukoo, kiko kwa mdogo wetu wa mwisho, hicho hakiuzwi na wala hakijadiliwi. Lakini nyumba ya mjini si kihamba. Kaka ndiye aliyelisema hilo kwanza, tukamkasirikia wiki mbili, kisha tukakubali kuiuza.

Same palikuwa na vumbi na upepo kama kawaida yake. Baada ya Mwanga, Mama alianza kuchungulia dirishani akiutafuta mlima. Julai hii mawingu yamekaa chini, mlima hauonekani mchana kutwa. Njia panda ya Himo akanunua ndizi mbivu ambazo hakuzila. Saa 10 jioni tukashuka Moshi, Kaka akiwa ametusubiri na pikapu yake aliyokuja nayo kutoka Arusha.

Nyumba ilikuwa giza. Uniti ziliisha zamani, na tangu Mama aondoke hakuna aliyenunua umeme. Kaka akatoa simu, akanunua wa shilingi 20,000, akasoma ujumbe, akaanza kugomba. Zimekuja uniti 22 na kidogo. Alitegemea zaidi ya 50.

Hili wengi hawalijui mpaka liwapate, kwa hiyo nitalieleza. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Usiponunua umeme mwezi huo, kodi haisamehewi, inakusubiri kwenye mita. Tangu Desemba hadi Julai ni miezi 8, ambayo ni 12,000. Katika 20,000 ya Kaka zilibaki 8,000 za umeme wenyewe pamoja na tozo zake. Ukisoma ujumbe wa manunuzi vizuri utaona kodi imeandikwa mstari wake peke yake, lakini nani anausoma ule ujumbe? Sisi tunarukia zile namba za kubonyeza.

"Bora imetukata sisi," Mama akasema gizani, wakati Kaka anabonyeza. "Wangekuja watoto wa watu, wakanunua umeme siku ya kwanza tu wakakuta deni letu, wangesema tumewauzia nyumba na madeni."

Taa ikawaka. Kochi lilikuwa na kinyesi cha popo.

Alhamisi: Soweto

Siku nzima ya kufunga vitu. Sitaiandika sana, maana kila aliyewahi kuhamisha nyumba ya wazazi anajua: unadhani ni kazi ya nusu siku, kumbe kila droo ina barua. Tulijaza pikapu mara tatu kwenda Kibosho. Vyombo vya sherehe alichukua binamu. Magazeti ya Baba yalichomwa, na moshi wake ulinitoa machozi ya aina mbili.

Ugomvi wa siku ulikuwa wa simtanki. Kaka alitaka kulishusha tenki la lita 2,000 lililoko juu ya mnara wa nyuma, alilonunua yeye kwa pesa yake. Mwanasheria aliyetuandikia mkataba alipopigiwa simu alimuuliza swali moja: siku wanunuzi walipokuja kuiona nyumba, tenki lilikuwa limeunganishwa na mabomba? Ndiyo. Mkatabani tuliandika kwamba tutalichukua? Hapana. Basi limeuzwa. Kilichofungwa kwenye nyumba, kikahudumia nyumba, huhesabiwa ni nyumba, labda mwenye nacho aseme mapema. Mapazia ni yetu, vyuma vya mapazia ni vyao. Kaka akalizunguka lile tenki mara mbili kama mtu anayeaga ng'ombe, halafu akaenda kubeba kitanda.

Jioni Mama alikata vipande vitano vya masale kwenye uzio, akavifunga kwa ugwe wa mgomba. Baba aliyapanda pale mpakani ingawa kiwanja kina bikoni nne za zege na hati yenye ramani. Mzee wa Kichaga hakuamini mpaka usio na masale. Mama akasema sale ukilikata na kulichomeka popote linaota, kwa hiyo hatumnyang'anyi mtu kitu.

Ijumaa: mjini

Bei ya nyumba ilikuwa shilingi milioni 85. Walilipa kwa mafungu: la kwanza siku ya kusaini mkataba, la pili kibali cha uhamisho kilipotoka ardhi, na asilimia 10 iliyobaki, yaani milioni 8.5, ilipwe kabla ya funguo, nyumba ikiwa tupu. Hicho kipande cha mwisho kina sababu. Mnunuzi akimaliza kulipa mapema, hana cha kumsukuma muuzaji atoe makochi yake. Muuzaji akitoa funguo mapema, hana cha kumsukuma mnunuzi amalizie. Kila mmoja anamshika mwenzake shati, kwa adabu.

Saa 4 asubuhi mnunuzi akamtumia Kaka picha ya fomu ya benki. Milioni 8.5, mhuri mbichi wa benki, saini. Akapiga simu papo hapo. "Shikamoo kaka. Tumeshamaliza. Fundi wangu yuko tayari, tunaweza kuja kuchukua funguo saa 6?"

Kaka akamwambia njooni. Huyo ndiye Kaka: akiona mhuri anayeyuka.

Mama alikuwa anakunywa chai kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Pesa imeingia?"

"Mama, si hii hapa fomu imegongwa mhuri?"

"Nimekuuliza imeingia."

Ilikuwa haijaingia. Tukaenda kwa mwanasheria, naye akatufafanulia kwa upole wa mtu aliyeshalieleza jambo hilo mara mia. Fomu ile inathibitisha kwamba benki ya mnunuzi imepokea maagizo ya kutuma. Haithibitishi kwamba benki yetu imepokea pesa. Kutoka benki moja kwenda nyingine, kiasi kama hicho huweza kupitia mfumo wa TISS, na kwa kawaida hufika siku ileile ya kazi, mara nyingi ndani ya saa chache. Lakini kati ya kutoka na kufika kuna pa kujikwaa: namba moja ya akaunti ikikosewa, au jina likigoma kufanana, pesa inageuza. "Ninyi msitazame karatasi," alisema. "Tazameni salio."

Saa 7 mchana salio lilikuwa lilelile. Saa 7 na nusu wakatupigia simu kutoka benki yetu. Kuna pesa imekuja, ila jina la mpokeaji ni la Mama mwenyewe, wakati akaunti imefunguliwa kwa jina la msimamizi wa mirathi ya marehemu. Hawawezi kuiingiza. Wanairudisha.

Kosa halikuwa la mtu mbaya. Mnunuzi alinakili namba ya akaunti kutoka mkatabani, akafika kwenye jina akaandika la mama aliyezoea kumwamkia. Mafungu mawili ya mwanzo mkewe ndiye aliyejaza fomu, yeye alinakili neno kwa neno. Na akaunti ile ya mirathi ndiyo inayotakiwa, maana pesa si ya Mama, ni ya warithi, na mahakamani msimamizi anapeleka orodha ya mali kwa fomu namba 5 na hesabu za mgawanyo kwa fomu namba 6. Pesa ikipitia mlango mwingine, siku ya kufunga hesabu ni Mama atakayesimama kujieleza.

Fikiria sasa tungekuwa tumeshatoa funguo saa 6. Fundi ameshabomoa ukuta wa jikoni, na sisi hatuna milioni 8.5. Wale vijana ni waaminifu, wangelipa. Lakini kati ya saa 7 na nusu na saa 9 na dakika 40, pesa iliporudishwa, ikatumwa upya na kuingia, hatukujua hivyo. Kaka alizunguka lile benchi la nje ya ofisi mpaka mlinzi akamwuliza kama ana tatizo.

Ujumbe ulipoingia kwenye simu ya Mama hakuusoma. Alinipa mimi. Nikasoma tarakimu kwa sauti, akaniambia nirudie polepole.

"Tuwaite jioni hii waje," Kaka akasema, sauti imerudi.

"Nyumba haikabidhiwi jua likizama."

Kaka akacheka, akasema hiyo ni miiko ya wazee. Mama akamjibu kwamba miiko au si miiko, usiku huwezi kumwonyesha mtu ufa.

Jumamosi: kukabidhi

Kulikuwa na baridi na ukungu mwepesi, lakini saa 1 asubuhi mlima ulijitokeza kwa dakika labda 10, Kibo nyeupe juu ya paa la jirani. Mama alikuwa anafagia uwanja. Nilimwambia hakuna haja, wataanza na zege leo leo. Akaendelea kufagia.

Walikuja saa 3: mume, mkewe, mtoto wa miaka mitatu hivi aliyekimbilia moja kwa moja kwenye mparachichi, na mjumbe wetu wa mtaa kama shahidi. Nyuma yao, nje ya geti, akasimama fundi na boksi. Mama aliliona kabla yangu. Vitasa vipya.

Yule binti akaona kwamba Mama ameona. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo Mama. Huyu fundi kawahi tu, tulimwambia aje mchana."

"Marahaba mwanangu. Mwache aingie, asimame nje kwa baridi hii?" Halafu, akiwa anawaongoza kuelekea mlangoni: "Badilisheni vyote. Funguo hizi zimeshikwa na wasichana wa kazi watano, na mafundi, na huyu mwanangu aliyezipoteza mwaka wa kidato cha pili. Mimi mwenyewe nisingelala."

Kaka akatazama pembeni.

Tulikwenda mlango kwa mlango. Hii inachosha lakini ndiyo kazi yenyewe: unaingiza ufunguo, unafunga, unafungua, mwenzako anafanya hivyohivyo, unaufunga kikaratasi chenye jina la chumba. Funguo 9, milango 7, kufuli la geti moja. Kwa hiyo mmoja ulibaki. Ulikuwa mdogo, wa shaba, umelika meno. Tuliujaribu kwenye kabati la ukutani, kwenye stoo, hata kwenye kisanduku cha mita ya maji. Hakuna. Mama alisema ni wa sanduku la mtu ambaye alikaa kwetu miaka ya tisini, na akauweka kando bila kusema ni nani. Kwenye hati ya makabidhiano tukaandika funguo 8.

Hati ile mwanasheria aliiandaa nakala mbili, ukurasa mmoja tu. Idadi ya funguo, namba ya mita ya umeme na uniti zilizobaki (15.3), namba ya mita ya maji na usomaji wake. Kwenye maji tuliandika tarakimu nyeusi peke yake, maana hizo ndizo mita za ujazo zinazolipiwa, zile nyekundu ni vipande vyake. Kabla ya kusoma, mume aliomba tufunge mabomba yote kwanza. Kigurudumu kidogo cha mita kikaendelea kuzunguka, taratibu, kama mtu anayetafuna kisirisiri. Kitu kilikuwa kinavuja. Ilikuwa choo cha nyuma, mpira wa ndani wa tangi la kuflashi umekakamaa kwa kukaa bila kutumika. Kaka akaenda dukani, akarudi na mpya ndani ya robo saa, kigurudumu kikatulia. Nikamheshimu yule kijana. Watu hukagua rangi ya kuta.

Baada ya hapo ndipo akauliza swali ambalo hatukuwa nalo jibu.

"Na shimo la choo liko wapi hasa? Nataka nimwage zege hapa upande wa bafu niegeshe gari."

Kaka akaonyesha kwa mkono upande wa mparachichi, mkono ukichora duara kubwa lenye ukubwa wa nusu ya kiwanja. Mimi sikujua kabisa. Chemba ya kwanza inaonekana, ipo chini ya dirisha la bafu, lakini shimo lenyewe lilifunikwa udongo zamani, juu yake kukapandwa maua, maua yakafa, yakaota majani. Mara ya mwisho kunyonywa sisi tulikuwa shule.

"Hatua saba," Mama akasema. "Kutoka dirisha la bafu, kuelekea mparachichi. Baba yenu alinihesabisha ili asipokuwepo nijue."

Kaka akasimama dirishani, akapiga hatua saba, akafika kwenye mzizi wa mparachichi. Fundi akachoma nondo. Ikazama futi mbili bila kugusa kitu.

"Hizo ni hatua zako," Mama akasema. "Nilikuambia ni zako?"

Akamkabidhi mke wa mnunuzi mkoba wake, akajishikilia kwenye ukuta, akaweka kisigino ukutani chini ya dirisha. Akaanza. Moja, mbili. Tulimwacha ahesabu peke yake, maana goti lile linataka kila hatua ifikiriwe. Saba. Akasimama. Fundi akachoma. Udongo mtupu.

Kimya. Yule mtoto akauliza bibi anatafuta nini.

Mama alitazama miguu yake muda mrefu. Kisha akasema, si kwa huzuni, kwa sauti ya mtu anayerekebisha hesabu, "Mwaka ule nilikuwa msichana." Akaongeza hatua moja. Fundi akachoma. Akaongeza nyingine. Nondo ikashuka kama futi moja na ikagonga: *tuu*, sauti ya chini, yenye uwazi ndani yake.

Fundi alikuwa anajua kazi. Akaniambia jiwe likigongwa nondo huteleza na sauti yake ni kali, fupi, zege lenye shimo chini yake hujibu. Tena ukigonga mara moja usiamini. Alisogea hatua moja kushoto, *tuu*, akasogea kulia, *tuu*, kina kilekile. Kitu bapa, kipana, kimelala. Wakafukua kwa jembe, ukatokea mfuniko wa zege wenye masikio mawili ya nondo yaliyoliwa na kutu mpaka yamebaki membamba kama misumari.

Fundi akapiga magoti akayashika yale masikio, moja likavunjika mkononi. Akamwambia bosi wake asimwage zege hapo, na gari lisipite kabisa. Hewa ya shimo hula nondo za mfuniko kwa upande wa chini ambao mtu hauoni. Juu zege linaonekana zima, ndani halina mifupa. Miaka zaidi ya 40 ni mingi. Gari likipanda hapo huenda lisizame siku ya kwanza, ni hilo tu unaloweza kuahidi. Mfuniko mpya umwagwe, uachiwe sehemu ya kufungulia, kwa sababu siku likijaa, gari la kunyonya likija, mpira wake lazima upate pa kuingilia. Gari la kwao litaegeshwa upande wa geti.

Mume alikuwa amevua kofia. "Asante Mama. Mimi ningeshamwaga Jumatatu."

"Aika," Mama akasema, akiomba mkoba wake. "Sasa andikeni kwenye hiyo karatasi. Hatua tisa. Na muandike ni za bibi mwenye goti bovu, msije mkahesabu za kwenu."

Mjumbe akacheka mpaka akakohoa, lakini mume aliandika kweli, kwa kalamu, chini ya usomaji wa maji: *Shimo, mita 4.6 kutoka ukuta wa bafu kuelekea mparachichi*. Alikuwa amepima kwa futi ya fundi. Wakasaini wote, na sisi, na mjumbe.

Funguo Mama alimpa yule binti, si mume. Alizitoa kwenye leso, akazihesabu moja moja kwenye kiganja chake, nane, leso akabaki nayo. Binti alizipokea kwa mikono miwili. Nilitegemea maneno. Mama alimwambia dirisha la jikoni likifunguliwa asubuhi sana nzi hawaingii, na kwamba mparachichi ule huzaa mwaka mmoja sana na mwaka unaofuata kidogo, wasije wakaukata mwaka wa kidogo.

Tukatoka. Tulipokuwa tunapanda pikapu tulisikia tindo ikigonga mlango wa mbele. Dakika chache baadaye, Kaka akiwa bado anafunga kamba za mzigo, yule binti akaja mbio getini na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kitasa cha mlango wa mbele, kile cha chuma cha kubandika kwa ndani alichonunua Baba, kizito kama jiwe la kusagia, na ufunguo wake mrefu ukining'inia.

"Mama, hiki fundi alitaka kukitupa."

Jumapili: Kibosho

Misa ya pili, kisha mtori, kisha watu waliokuja kutuona. Mdogo wetu ameshachomeka masale matano karibu na kaburi la Baba. Hajauliza yametoka wapi, aliyajua kwa kuyaona.

Mchana Kaka akatoa kile kitasa. Stoo ya kihamba imefungwa kwa kufuli la elfu tatu ambalo hata mbuzi angelifungua, na kahawa ya mwaka huu imeanza kuvunwa. Akasema atakibandika pale. Shida ni kwamba mlango wa kule Soweto bawaba zilikuwa kulia, na wa stoo bawaba ziko kushoto. Ukikibandika kilivyo, ulimi unatazama upande wa bawaba badala ya fremu. Alikigeuza huku na huku kama nusu saa, mdogo wetu akimpa ushauri kutoka kwenye kivuli, mpaka akaelewa kwamba dawa ni moja tu, kukifunga kichwa chini miguu juu.

Kikakaa. Skrubu nne, mbili mpya mbili za zamani. Mama akaitwa ajaribu. Akauingiza ufunguo meno yakitazama chini alivyozoea miaka yote, ukagoma. Akaujaribu tena kwa nguvu.

"Sasa tundu limepinduka, Mama," Kaka akasema. "Geuza ufunguo, meno juu."

Akaugeuza meno juu, akauzungusha. Ulimi ukatoka, *kla*, ukaingia kwenye fremu. Akaufungua, akaufunga, akaufungua.

"Nikuletee kingine kutoka Arusha? Hiki kitakusumbua kila ukija."

"Kiache," Mama akasema, na akaufunga mlango tena, bado akianza kwa upande usio wake.